Kubananisha dreni au kupunguza mvurugo: miezi ya kutitia hupotelea wapi?

Udongo laini wa mfinyanzi wenye unene wa mita 12, ukibebeshwa tuta na kuachwa utoe maji yake kwa juu na kwa chini tu, huweza kuchukua miaka 30 kufikia asilimia 90 ya kutitia kwake. Hiyo ni kwa udongo ambao kasi yake ya kukamuka wima, cv, ni mita 1 ya mraba kwa mwaka, jambo la kawaida kabisa. Ukichomeka dreni wima za kiwandani, zile tepe za plastiki zenye upana wa milimita 100 na unene wa milimita 4 zilizofungwa kitambaa cha kuchuja, maji hayana tena safari ya mita 6. Yanakwenda kwa ulalo nusu mita au zaidi kidogo hadi kwenye dreni iliyo karibu, kisha yanapanda ndani ya utepe.

Hadi hapo hakuna ubishi. Ubishi huanza ratiba inapobana. Upande mmoja husema: banana dreni, shuka kutoka mita 1.5 hadi mita 1 au hata 0.8. Upande wa pili husema kila dreni unayoongeza inavuruga udongo zaidi, na udongo uliovurugwa haupitishi maji vizuri, kwa hiyo unalipia kasi usiyoipata. Pande zote mbili zina hoja, ila mara nyingi hoja hizo husemwa bila hesabu.

Tuanze na chombo chenyewe. Dreni hushushwa ndani ya mandreli, bomba la chuma linaloibeba hadi chini. Tuseme mandreli ni ya mstatili, milimita 120 kwa 60. Eneo lake ni sawa na la duara lenye kipenyo cha milimita 96. Inapopita, husukuma udongo pembeni, huukanda, na huchanganya tabaka nyembamba za mchanga na mfinyanzi ambazo ndizo zilizokuwa njia nzuri za maji. Pete hiyo iliyovurugwa huchukuliwa kuwa na kipenyo cha mara 2 hadi 3 ya kile cha mandreli. Tukishika 2.5, tunapata milimita 240. Ndani ya pete hiyo upenyezaji hupungua, na hapa tuuchukulie kuwa theluthi ya ule wa udongo mzima.

Hesabu inayotumika na wengi ni ya Hansbo, iliyojengwa juu ya kazi ya Barron ya mwaka 1948:

```
U  = 1 - exp(-8 ch t / (De^2 μ))
μ  = ln(De/dw) + (kh/ks - 1) ln(ds/dw) - 0.75
dw = 2(a + b)/π
```

U ni sehemu ya kutitia iliyokamilika baada ya muda t, a na b ni upana na unene wa utepe, kh ni upenyezaji wa ulalo wa udongo mzima, na ks ni ule wa ndani ya pete iliyovurugwa. De ni kipenyo cha udongo unaohudumiwa na dreni moja: 1.05 mara nafasi kwa mpango wa pembetatu, 1.13 kwa mpango wa mraba. dw ni kipenyo linganifu cha utepe wetu, milimita 66. ds ni kipenyo cha pete ya mvurugo, na ch ni kasi ya kukamuka kwa ulalo, ambayo hapa ni mita 2 za mraba kwa mwaka. Ukinzani wa dreni yenyewe nimeuacha. Kwa dreni nzuri ya mita 12 si yeye mwenye neno la mwisho, mradi utepe haujakunjika.

Muda wa kufikia asilimia 90 kwa mpango wa pembetatu unakuwa hivi:

| Nafasi (m) | Bila mvurugo (miezi) | Pamoja na mvurugo (miezi) | Dreni kwa hekta |
|---|---|---|---|
| 1.5 | 10.4 | 21.4 | 5,130 |
| 1.2 | 6.0 | 13.1 | 8,020 |
| 1.0 | 3.8 | 8.8 | 11,550 |
| 0.8 | 2.2 | 5.3 | 18,040 |

Mvurugo umezidisha muda mara mbili na zaidi kila mahali. Lakini tazama umbo la fomula: sehemu ya mvurugo ndani ya μ, yaani 2 × ln(240/66), ni 2.58 na haibadiliki hata ukibadili nafasi. Kinachobadilika ni ile sehemu nyingine, ambayo hushuka kutoka 2.42 kwenye mita 1.5 hadi 1.79 kwenye mita 0.8. Maana yake, kadiri unavyobananisha ndivyo mvurugo unavyomiliki sehemu kubwa zaidi ya ukinzani. Hata hivyo muda bado unashuka sana, kwa sababu μ huzidishwa na De mraba.

Kwa hiyo hoja ya wanaobananisha haianguki kirahisi. Kwa mujibu wa fomula, kutoka mita 1.5 hadi mita 1 unaongeza dreni mara 2.25 na muda unapungua mara 2.4. Mkandarasi anayelipa faini kwa kila wiki ya kuchelewa ana haki ya kuichukua biashara hiyo. Kuna faida nyingine pia ambayo haisemwi sana: nafasi ndogo hustahimili makosa ya ch. Kama ch halisi ni nusu ya uliyoipanga, muda wowote ule huzidi mara mbili, lakini miezi 8.8 ikiwa 17.6 bado mradi unapumua, 21.4 ikiwa karibu 43, mradi umekufa.

Tatizo ni kwamba fomula inaichukulia pete ya mvurugo kuwa na ukingo mkali: ndani udongo mbovu, nje udongo mzima. Udongo halisi hauko hivyo. Kuanzia kwenye dreni upenyezaji hupanda polepole, na athari ya mandreli huweza kufika mbali zaidi ya ile milimita 240. Tuseme eneo lote lililoguswa, pamoja na ukanda wa mpito, lina kipenyo cha milimita 550. Kwa nafasi ya mita 1.5 hilo ni asilimia 12 tu ya udongo wa kila dreni. Kwa mita 0.8 ni asilimia 43. Hapo udongo mzima uliobaki kati ya dreni na dreni ni ukanda mwembamba tu, na ile ch ya kwenye ripoti ya maabara haina mwenyewe. Ongeza na upotovu wa wima: dreni ikiinama kwa asilimia 2, ncha yake kwenye kina cha mita 12 imehama milimita 240. Jirani wawili wakiinamiana, mita 0.8 ya juu imekuwa mita 0.32 kule chini, na maeneo yao yaliyoguswa yanaingiliana. Kwa sababu hizo, mstari wa mita 0.8 kwenye jedwali nauona ni wa karatasini zaidi kuliko wa kiwanjani, na chini ya mita 1 ningetaka ushahidi wa majaribio kabla ya kulipa.

Sasa upande wa pili upimwe kwa kipimo kilekile. Chukua mita 1.2, kisha badala ya kubananisha, punguza mvurugo: uwiano wa upenyezaji ushuke kutoka 3 hadi 2. Muda unashuka kutoka miezi 13.1 hadi 9.6. Ili upate miezi hiyohiyo kwa kubananisha, ungehitaji nafasi ya mita 1.04, yaani dreni theluthi moja zaidi. Kwa hekta moja hiyo ni zaidi ya dreni 2,600, kila moja mita 12.

Mvurugo hupunguzwa vipi? Mandreli iwe nyembamba kadiri dreni inavyoruhusu. Isukumwe kwa nguvu tulivu ya haidroliki badala ya kutetemeshwa, hasa kwenye mfinyanzi unaopoteza nguvu ukikandwa. Kibati cha nanga kinachoshika ncha ya dreni kisiwe kipana kuliko mandreli, kwani kikizidi, ni kibati ndicho kinachochimba pete. Lakini mandreli nyembamba nayo ina gharama zake. Ikikutana na ganda gumu la juu huyumba, na upotovu wa wima unaongezeka, kwa hiyo ganda hulazimika kutobolewa kwanza. Kibati kidogo nacho huponyoka, mandreli ikipanda dreni inarudi nayo, na fundi asiyeangalia anakata mkia na kuendelea. Urefu usomwe kwenye roli ya dreni, mandreli inapopanda, kwa kila dreni.

Kuna kosa jingine, la mezani. Mhandisi huchukua ch kutoka kwenye sampuli ndogo ya maabara, ambayo tayari ilivurugika ilipochimbwa na haina zile tabaka nyembamba za mchanga, kisha anazidisha mvurugo juu yake. Amehesabu uharibifu mara mbili na kuishia na nafasi ndogo bila sababu. Kosa hilihili hutokea kwa ch iliyorudishwa kutoka kwenye vipimo vya kutitia. Njia ya Asaoka ya mwaka 1978 hutumia kutitia kulikosomwa kwa vipindi sawa vya Δt, kila usomaji ukichorwa dhidi ya uliotangulia, na mteremko β wa mstari hutoa:

```
ch/μ = -De^2 ln(β) / (8 Δt)
```

Kinachotoka ni ch ikigawanywa kwa μ. Bamba la kupimia kutitia haliwezi kukuambia kama udongo ni mzito kukamuka au mandreli imeuharibu. Ukiamua μ haina mvurugo, ch utakayopata imeshaumeza ndani yake, na hairuhusiwi kuutoza tena kwenye eneo linalofuata.

Uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi karibu na Bangkok, uliofunguliwa mwaka 2006 juu ya kinamasi, ulitanguliwa na matuta matatu ya majaribio yenye dreni za mita 12 kwa nafasi za mita 1.0, 1.2 na 1.5. Utekelezaji ulikwenda kwa mita 1, dreni zikiwa za mita 10. Kina nacho kilikuwa na maana: maji ya chini huko yamevutwa kwa visima miaka mingi, shinikizo kwenye mchanga wa chini limeshuka, na dreni inayoufikia mchanga huo ingeuvuta udongo laini ushuke kuliko tuta lilivyokusudia.

Je, matuta ya nafasi tofauti yanaweza kutenganisha ch na mvurugo? Kwa kanuni, ndiyo. Kwa namba zetu, muda wa mita 1.5 ukigawanywa kwa ule wa mita 1 ni 2.70 bila mvurugo na 2.45 ukiwepo. Tofauti ni sehemu moja katika kumi, na udongo wa viwanja viwili vilivyo jirani huweza kutofautiana zaidi ya hapo. Jaribio linalosema zaidi ni kushika nafasi moja na kubadili mandreli: kiwanja kimoja nyembamba, kingine pana, pizomita za kupima shinikizo la maji zikiwa katikati ya dreni kwa kina kilekile. Na kabla ya kulaumu mvurugo, chimba kwenye zulia la mchanga lililo juu ya dreni. Likiwa na vumbi jingi na maji yamesimama ndani yake, dreni zote zinasubiri pa kutolea, na hakuna nafasi wala mandreli itakayoponya hilo.