Gentamisini kwa mpigo mmoja: figo inanufaika, sikio je?

"Kama gentamisini inajulikana kudhuru figo na masikio, mbona dozi nzima ya siku inatolewa kwa mpigo mmoja? Si afadhali kuigawa mara tatu?"

Wanaotaka dozi igawanywe wana hoja inayoingia akilini upesi: dawa ikijaa kwenye damu, sumu nayo inazidi. Kwa dawa nyingi ni kweli. Kwa aminoglikosidi, kundi la antibiotiki ambamo gentamisini imo, hoja hiyo inakwama kwenye figo.

Gentamisini haivunjwi na ini. Figo huichuja ikiwa vilevile ilivyoingia, na karibu yote hutoka na mkojo. Sehemu ndogo, takriban asilimia 5, hunyakuliwa na seli za mwanzo wa vijirija vya figo kupitia protini iitwayo megalini. Ndani ya seli dawa hurundikana kwenye vifuko vya laisosomu, na vikizidiwa huivujisha hadi kwenye mitokondria, seli ikafa. Lakini megalini ina kikomo: ikishashika kiasi inachoweza, dawa iliyozidi hupita zake. Kwa hiyo figo huumizwa zaidi na wingi wa saa ambazo dawa ipo kuliko urefu wa kilele chake.

Tupige hesabu. Mgonjwa ana kilo 60, figo zake nzima, na anapewa miligramu 5 kwa kila kilo, yaani 300 kwa siku. Dawa husambaa kwenye lita 15 hivi za maji ya mwili, kwa hiyo kilele ni kama miligramu 20 kwa lita. Ikiwa inapungua kwa nusu kila baada ya saa 2 na nusu, itafika 1 baada ya saa 11 hivi. Saa 13 zinazobaki, figo karibu haina cha kunyakua. Sasa mgawie 100 kila baada ya saa 8. Kilele ni 7.5 tu, kinatia moyo ukikiona kwenye karatasi, ila kabla ya dozi inayofuata damu bado ina 0.8. Kwa siku nzima, muda anaokaa chini ya 1 haufiki hata saa 3. Dawa ni ileile, gramu zilezile, na figo haikupumzishwa. Isitoshe bakteria nao hufa vizuri zaidi kilele kikiwa juu.

Ndiyo maana damu inayopimwa hasa ni ile ya kabla ya dozi inayofuata. Kwa dozi moja ya siku tunataka iwe chini ya 1. Mgonjwa wetu siku ya tano figo zikianza kulegea, tuseme dawa sasa inapungua nusu kwa saa 8, hiyo 20 baada ya saa 24 itakuwa bado 2.5. Kreatinini, taka ya damu inayopimwa kujua hali ya figo, huenda haijapanda vya kutosha kumshtua mtu, na mkojo unatoka kama kawaida, kwa kuwa madhara haya kwa kawaida hayafungi mkojo. Hapo ukipunguza dozi tu unapoteza kilele na tatizo linabaki. Kinachofaa ni kurefusha nafasi kati ya dozi na dozi, saa 36 au 48, au kuacha dawa kabisa.

Wapo wanaosema kipimo hiki ni anasa, na kwa tiba ya siku mbili au tatu kwa mtu mwenye figo nzuri siwapingi: madhara ya figo kwa kawaida huonekana baada ya siku 5 hadi 7, na hospitali nyingi hazina kipimo hicho. Fuatilia kreatinini, acha mapema. Na kipimo chenyewe kikikosewa saa hudanganya: damu ikivutwa saa moja baada ya dripu, kisha ikaandikwa "kabla ya dozi", mgonjwa ananyimwa dawa bure.

Sikioni hoja yangu inapungua nguvu. Dawa huingia kwenye seli za vinywele za sikio la ndani na kutoka kwa shida, ikabaki humo hata damu ikishasafika. Seli za vijirija vya figo huota upya, hizi haziоti. Huanza kufa zile za sauti nyembamba sana, juu ya mazungumzo ya kawaida, kwa hiyo mgonjwa anakujibu vizuri huku upotevu umeshaanza. Gentamisini na streptomaisini huelekea zaidi kuharibu mizani ya mwili, amikasini usikivu. Kiwango kizuri cha damu si dhamana: mwenye badiliko la 1555A>G kwenye jeni za mitokondria anaweza kupoteza usikivu kwa dozi za kawaida kabisa. Badiliko hilo hurithiwa kwa mama, kwa hiyo kabla ya sindano ya kwanza mgonjwa aulizwe kama upande wa mama yake kuna aliyepoteza usikivu baada ya sindano, na tiba ikiwa ya wiki nyingi, apimwe usikivu tangu mwanzo, masafa ya juu yakiwemo.