Tangazo la mfumo mpya lianzie kwenye dirisha la dawa

Hospitali moja ya wilaya niliyowahi kufanyia kazi ilipohama kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye mfumo wa kompyuta, tangazo lililobandikwa ubaoni lilikuwa la kurasa mbili, na ukurasa wa kwanza wote ulikuwa sifa za mfumo. Dada wa dirisha la dawa alilisoma lote, kisha akaniuliza: "Kwa hiyo Jumatatu cheti cha dawa nikipokee au nisikipokee?" Sikuwa na jibu, wala tangazo halikuwa nalo.

Kwa maoni yangu, swali hilo ndilo lililopaswa kujibiwa katika aya ya kwanza. Cheti hakipokelewi tena: tabibu anaandika dawa kwenye mfumo, malipo au bima ikithibitishwa jina la mgonjwa linatokea kwenye skrini ya famasi, na dawa ikishatolewa salio la stoo linapungua lenyewe.

Hapo kwenye salio ndipo tulipoumia. Stoo ilihesabiwa Jumapili jioni, na aliyeingiza hesabu aliandika amoksilini 40, akimaanisha maboksi 40 ya vidonge mia mia, ilhali mfumo ulihesabu kidonge kimoja kimoja. Jumatatu asubuhi wagonjwa wawili walipewa vidonge 15 kila mmoja. Wa tatu alipofika, skrini ilionyesha vimebaki 10 na ikakataa, huku rafu nyuma ya yule dada ikiwa imejaa. Akaanza kutoa dawa kwa mkono bila kuziingiza popote, na kufikia mchana hakuna aliyejua stoo ina nini. Sentensi moja ya kueleza kipimo cha kuhesabia, pamoja na mtu wa pili wa kulinganisha skrini na rafu kabla ya kufungua dirisha, ingetosha kuzuia hayo.

Mafunzo nayo yalifanyika wiki tatu kabla, saa nne asubuhi, ukumbini, kwa kada zote pamoja. Wa zamu ya usiku walikuwa wamelala, na waliohudhuria walikuwa wameshasahau. Ratiba ninayoiamini ni ya wiki ya mwisho, kila kada peke yake, nusu siku kwenye mfumo wa mazoezi wenye wagonjwa wa kubuni, na kipindi hicho hicho kirudiwe jioni kwa ajili ya wa usiku.

Kuhusu msaada, tangazo letu lilitoa namba moja ya ofisi ya TEHAMA, ambayo hufungwa saa tisa na nusu alasiri. (Wodi ya wazazi haifungwi.) Ningeandika jina la msaidizi wa kila zamu na simu yake, kisha nieleze mtandao ukikatika fomu za karatasi zenye namba zinakaa droo gani, na nani atakayeziingiza kwenye mfumo, kwa kufuata mpangilio wa namba hizo, kabla hajakabidhi zamu.