Muuzaji akikataa kabla ya siku ya mzigo: kuumaliza mkataba sasa au kusubiri

“Ndugu wakili, muuzaji amenitumia ujumbe tarehe 1 Agosti kwamba mchele wangu hataleta. Siku ya kupokea mzigo ni 30 Septemba. Nimfungulie kesi sasa, au nisubiri siku ifike?”

Kesi unaweza kuifungua sasa, ndugu yangu. Kigumu zaidi ni kujua kama inakufaa, na hapo mawakili wenyewe hawaoni jambo kwa jicho moja.

Kwa Tanzania Bara msingi wake ni kifungu cha 39 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kinasema kwamba upande mmoja ukikataa kutekeleza ahadi yake yote, au ukijiondolea wenyewe uwezo wa kuitekeleza, upande wa pili unaweza kuumaliza mkataba, isipokuwa kama umeonyesha, kwa maneno au kwa vitendo, kwamba umeridhia uendelee. Kenya wanafika karibu pale pale kwa njia nyingine, kwa sababu sheria yao ya mikataba inaegemea kanuni za mahakama za Uingereza.

Kanuni hizo zilipata umbo mwaka 1853, katika kesi ya Hochster na De la Tour. Hochster aliajiriwa mwezi Aprili 1852 kumsindikiza De la Tour katika safari ya Ulaya ya miezi mitatu, kuanzia tarehe 1 Juni, kwa pauni 10 kwa mwezi. Tarehe 11 Mei akaandikiwa kwamba hahitajiki tena. Akafungua kesi tarehe 22 Mei, siku kumi kabla ya safari. Mdaiwa akajitetea kwamba hajavunja kitu, kwani siku ya kutimiza ahadi haijafika. Mahakama ikamkatalia. Jaji Mkuu Campbell aliona ni busara zaidi mtu aliyekataliwa aachiwe huru kutafuta kazi nyingine na kudai fidia, kuliko akae bure, tena akitumia fedha kujiandaa kwa safari ambayo ameshaambiwa haipo.

Hoja hiyo imekosolewa tangu zamani, na ukosoaji wake una uzito. Kumwachia Hochster huru atafute kazi nyingine ni jambo moja, na kumruhusu adai fidia kabla ya tarehe 1 Juni ni jingine. Mahakama ingeweza kumfungua asilazimike kusubiri, kisha ikamtaka adai siku ya ahadi ikishafika, hasara ikiwa inaonekana. Kuhesabu hasara ya jambo ambalo halijatokea ni kukisia, na nitakuonyesha chini jinsi kukisia huko kunavyoweza kumgeukia mdai. Hata hivyo naona kanuni yenyewe ni ya haki. Mfanyabiashara anaponunua mchele wa Septemba mwezi Juni, ananunua pia uhakika wa kupanga mambo yake kati ya Juni na Septemba. Anayemwambia Agosti kwamba hataleta ameshamnyang'anya uhakika huo siku hiyo hiyo.

Kabla ya kuchagua, usome tena ujumbe wa muuzaji wako, maana hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Kifungu kinataka kukataa, tena kukataa ahadi yote. “Mwaka huu mavuno ni mabaya, malori yanasumbua” ni malalamiko tu. “Naomba tuzungumze upya kuhusu bei” ni ombi. Lakini “sitatoa kwa bei ile, ukitaka ni bei hii, la sivyo tafuta kwingine” ni kukataa, kwa sababu anachokubali kuleta si mkataba mliofunga. Ukiuchukulia ujumbe wa mashaka kama kukataa, ukatangaza mkataba umekwisha na kwenda kununua kwingine, mahakama inaweza kuona kwamba aliyevunja ni wewe, na fidia utailipa wewe. Kwa hiyo ujumbe ukiwa na utata, umwandikie kwa heshima: thibitisha ndani ya siku saba kama utaleta tani zile, tarehe ile, kwa bei ile. Marekani wana kifungu cha sheria ya biashara kinachompa muuzaji au mnunuzi mwenye wasiwasi wa msingi haki ya kudai uthibitisho wa namna hiyo, na asiyejibu ndani ya muda unaofaa usiozidi siku 30 anahesabiwa kuwa amekataa. Sheria yetu haina kifungu kama hicho, hivyo kimya peke yake si kukataa. Lakini jibu lake litakupa ushahidi, na katika mkataba ujao mnaweza kukiandika kifungu hicho wenyewe.

Sasa tuchukulie amekataa waziwazi. Kiasi hukukitaja, kwa hiyo naweka changu ili tupige hesabu. Mkataba ni wa tani 40, yaani kilo 40,000, kwa shilingi 2,000 kwa kilo. Wiki moja baada ya ujumbe wake, mchele wa aina ile unapatikana sokoni kwa 2,150.

Ukiumaliza mkataba na kununua kwingine siku hizo, hasara yako ni shilingi 150 kwa kila kilo, sawa na milioni 6. Hizo unamdai, pamoja na malipo ya awali uliyokwisha kumpa na gharama ulizoingia kwa sababu yake. Ukiumaliza mkataba usinunue, halafu bei ikapanda hadi 2,600 ifikapo 30 Septemba, utatamani kudai milioni 24. Hapo mdaiwa atakuuliza mbele ya jaji kwa nini hukununua kwa 2,150 ulipokuwa umeshajua. Kifungu cha 73 cha Sheria yetu ya Mikataba kinataka, katika kukadiria fidia, njia zilizokuwepo za kuiepuka hasara zizingatiwe. Kama mchele ulikuwepo na fedha unazo, jiandae kupata milioni 6. Kama fedha yako ilikuwa imekwama kwa muuzaji huyo huyo, lieleze hilo na ulithibitishe, maana sheria inadai hatua za busara kwa hali uliyokuwa nayo.

Wanaotetea kusubiri wanaianza hoja yao hapo. Mkataba ukiuacha hai, hujaukubali uvunjaji wake, yaani hujauhesabu mkataba kuwa umekwisha, kwa hiyo wajibu wa kupunguza hasara bado haujaanza. Siku ikifika bila mchele, bei inayotazamwa ni ya siku ile, na milioni 24 zinadaiwa kwa uhalali. Wanaongeza kwamba muuzaji anaweza kujirudi. Watu hukasirika, huandika ujumbe usiku, asubuhi wakajuta. Mnunuzi mwenye wateja wake wanaosubiri mchele anauhitaji mchele kuliko hukumu.

Ni hoja nzuri, ila ina bei yake. Mkataba ulio hai ni hai kwa wote wawili. Wewe pia utatakiwa uwe tayari kulipa salio na kupokea mzigo siku ile, na ukiteleza, muuzaji atapata kisingizio ambacho hakuwa nacho. Bei ikishuka hadi 1,900, hasara ya bei imeyeyuka. Kibaya zaidi ni jambo la nje likiingia kati. Mwaka 1855 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Avery na Bowden. Meli ilikuwa bandarini Odesa ikisubiri shehena, na wakala wa mkodishaji akamwambia nahodha mara kwa mara kwamba shehena hakuna, aondoke. Nahodha akaendelea kusubiri na kuidai. Kabla siku za kupakia hazijaisha, vita ikazuka kati ya Uingereza na Urusi, na kupakia shehena kwenye bandari ya adui kukawa haramu. Mkataba ukafa bila kosa la mtu, na mwenye meli akaondoka mikono mitupu. Angekuwa ameikubali kauli ya kukataa kabla ya vita, angekuwa na dai.

Kwa miaka mingi kesi hiyo ilinifanya niwaambie watu waumalize mkataba mapema na walale usingizi. Sisemi hivyo tena, kwa sababu ya kesi ya ngano. Tarehe 10 Juni 2010 kampuni ya nafaka iitwayo Bunge iliiuzia kampuni iitwayo Nidera tani 25,000 za ngano ya Urusi, ya kupakiwa kwenye bandari ya Novorosiski mwezi Agosti. Tarehe 5 Agosti Urusi ikatangaza marufuku ya kusafirisha ngano nje, kuanzia tarehe 15. Tarehe 9 muuzaji akatangaza kuufuta mkataba. Alikuwa amewahi mno, kwa kuwa marufuku ingeweza kulegezwa. Tarehe 11 mnunuzi akaukubali uvunjaji huo, na siku iliyofuata akakataa ombi la muuzaji la kuurudisha mkataba. Kisha akadai zaidi ya dola milioni 3, tofauti ya bei. Marufuku haikuondolewa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema ngano ile isingepakiwa kwa vyovyote vile, kwa hiyo mnunuzi hakupoteza kitu, na ikampa dola 5.

Wapo wanaoiona hukumu hiyo kuwa mbaya kwa biashara, kwa sababu mtu akishavunja mkataba, deni lake linafaa lijulikane siku ile, si kungoja kuona ulimwengu utageukaje. Naielewa huruma yao. Lakini fidia ipo kumweka mdai pale ambapo mkataba ungemweka, na mkataba ule usingemletea hata gunia. Hukumu za Uingereza hazizifungi mahakama zetu, ila mawakili huzitaja mbele yao, na wanaofanya biashara ya nafaka kuvuka mipaka wanajua kwamba marufuku ya kusafirisha mazao si hadithi ya Urusi peke yake. Angalia kwamba madai ya Nidera yalikuwa ya tofauti ya bei ya soko, na hawakuwa wamenunua ngano nyingine badala yake.

Kwa hiyo, kama mchele unaupata na unaweza kuulipia, ningeumaliza mkataba na kununua mara moja. Fidia ya milioni 6 yenye risiti ni rahisi kuithibitisha kuliko milioni 24 zinazotegemea bei ya Septemba. Ningesubiri pale tu ambapo mchele wa aina ile haupatikani kwingine, au nina sababu ya kweli ya kuamini kwamba muuzaji atarudi.

Usichoweza kufanya ni kukaa katikati. Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, ambayo yetu imetokana nayo, inatoa mfano wa mwimbaji aliyekodiwa na meneja wa ukumbi kwa usiku mbili kila wiki. Usiku wa sita hakutokea kwa makusudi, na meneja alikuwa na haki ya kuumaliza mkataba. Lakini usiku wa saba akamruhusu aimbe. Hapo haki ya kuumaliza ikapotea, ikabaki ya kudai fidia ya usiku mmoja tu. Ukiendelea kumtumia muuzaji malipo, au ukimtajia dereva atakayepokea mzigo, unafanana na meneja huyo. Ukiamua kusubiri pia, umwandikie kwamba hukubali kukataa kwake na unamtarajia tarehe 30.

Ukiamua kuumaliza, barua iwe fupi: taja mkataba na tarehe yake, nukuu maneno yake ya 1 Agosti kama alivyoyaandika, sema umeyapokea kama kukataa mkataba wote na kwamba kuanzia tarehe ya barua mkataba umekwisha, na kwamba utanunua kwingine na kumdai tofauti pamoja na malipo ya awali. Ipeleke kwa njia inayoacha saini ya mpokeaji, na nakala kwenye simu ile ile aliyokuandikia. Halafu pata bei za maandishi kutoka kwa wauzaji wawili au watatu siku hizo hizo, na zihifadhi pamoja na risiti ya utakayemchagua.