Nilivyokanwa Mlangoni

Kwetu Katuba, pale Lubumbashi, mupolisi akigonga geti la parseli na kutaja majina yako yote matatu, jina, posinomu na prenomu, jibu ni moja na kila mtoto analijua: "Aiko," yaani hayupo. Unakula bukari chini ya mwembe, anakuona kabisa, lakini aiko. Hata kama ni wewe uliyefungua geti, aiko. Hayo tunayaita malezi. Mtoto anayejibu "Ndiyo, eko chumbani" ndiye anayechapwa jioni.

Mimi nilipata viza D, ile ya kukaa muda mrefu, ya kwenda kusoma Ubelgiji, na malezi hayo yalikuwa yamenitangulia kufika.

Nilifikia kwa kaka mmoja ninayemwita Yaya, mtoto wa komini Kenya, kule kule Lubumbashi, ambaye mama yake na wangu waliuza samaki wa kukausha meza moja sokoni. Yaya alikuwa ameajiriwa kazi ya usiku, kwa hiyo mchana analala kama gogo. Mke wake alikuwa amejifungua juzi. Na kwa ajili ya huyo mtoto mchanga alikuwa ameletwa Mama Mukubwa, dada mkubwa wa mama yake Yaya, kwa viza fupi ya kutembea. Mama Mukubwa alikuja na vikwembe, unga wa mihogo, chikanda iliyofungwa kwenye nguo ili isinuke, na msimamo wa Katuba kuhusu polisi.

Sasa, sheria ya kule ni hivi. Ukiingia na viza D unapewa siku 8 za kazi kwenda kujitangaza kwenye komini ya mtaa unaokaa. Nikaenda na paspoti, mkataba wa chumba na picha. Mama wa gishe akaingiza yote kwenye kompyuta, nikadhani tumemaliza. Akaniambia, "Sasa utangoje ajenti wa kartie. Ni polisi. Atapita kuona kama kweli unakaa pale."

"Atapita siku gani?"

"Siku atakayopita."

Hiyo ndiyo siri ya jambo lenyewe: hakupi miadi. Akikupa miadi, hata mtu anayekaa mji mwingine atakuja siku hiyo, atandike kitanda cha rafiki yake na kusema ni chake. Wanataka wakukute bila kujipanga. Akituma repoti nzuri, komini inakuandika kwenye rejista ya wageni, unapata namba ya taifa yenye tarakimu 11 ambayo sita za kwanza ni tarehe yako ya kuzaliwa iliyoandikwa kuanzia mwaka, halafu ndipo karte ya makao inaagizwa. Akituma repoti mbaya, huna makao, na bila makao hakuna karte. Wakati wa kungoja unatembea na karatasi inayoitwa aneksi 15, ambayo inakulinda siku 45.

Mama wa gishe akanisisitizia jambo moja: jina liwe kwenye kengele na kwenye sanduku la barua. Nilirudi nikaandika jina na posinomu kwa bik nyeusi, nikabandika chini ya jina la Yaya kwa skochi, nikasimama barabarani kuhakikisha linasomeka. Yaya nikamweleza. Mke wake nikamweleza. Mama Mukubwa alikuwa anamwogesha mtoto, nikaona nisimsumbue mtu mzima kwa mambo ya karatasi.

Ajenti akaja saa nne asubuhi. Mimi niko darasani. Yaya amelala. Mke wake amepeleka mtoto kupimwa uzito. Mlango ukafunguliwa na Mama Mukubwa.

Kilichotokea nimesimuliwa na pande zote mbili, na ajabu ni kwamba hazipingani. Mwanaume mwenye yunifomu, bastola kiunoni na kijitabu mkononi, alisoma majina yangu yote matatu bila kukosea hata silabi. Hapo hapo Mama Mukubwa akajua kwamba kesi ni nzito, kwa sababu polisi anayejua hata posinomu yako ni polisi aliyetumwa.

"Aiko," akasema. Kisha kwa Kifaransa chake cha masista: hapa hakuna mtu kama huyo.

Ajenti akaonyesha kengele. "Lakini jina lake hili hapa."

Mama Mukubwa akaliangalia jina lile kwa makini, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Watoto wa siku hizi," akasema, "wanaandika popote."

Kwa polisi wa kule, jambo hilo ni baya kuliko nyumba isiyo na jina kabisa. Jina lipo kwenye kengele, mwenye jina hajulikani ndani: hiyo kwao ndiyo sura halisi ya makao ya uongo, mtu aliyebandika jina ili apate karatasi. Hata hivyo ajenti alikuwa mtu wa haki, akaacha kikaratasi chenye namba yake ya simu ili mhusika ampigie. Mama Mukubwa akakipokea kwa adabu, akakifunga kwenye pindo la kikwembe, pale anapofungia pesa, na hakumwambia mtu yeyote nyumbani. Hakutaka nishtuke nikiwa na masomo.

Alichofanya ni kupiga simu Lubumbashi.

Kwa hiyo habari ya polisi kufika mlangoni pangu Ubelgiji niliipata kutoka Katuba. Mama alinipigia jioni akilia. Nyuma yake nasikia watu wa kikundi cha sala wameshaanza kuimba, wimbo ule wa Paulo na Sila gerezani. Baba mdogo, mstaafu wa migodi ya Gekamini, akamnyang'anya simu.

"Mwana, sema ukweli. Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, baba."

"Vizuri. Endelea kusema hivyo hivyo. Sasa, polisi wa huko, bei yake ni ngapi?"

Nikamweleza kwamba mimi mwenyewe nilikuwa namngoja huyo polisi. Kwamba anakuja kuona kama niko nyumbani, na akinikuta napewa karte. Kukawa kimya. Nyimbo zenyewe zikapungua.

"Polisi anakutafuta," akasema polepole, "na wewe unataka akukute?"

"Ndiyo."

"Huyu wamekwisha kumpiga," nikamsikia akimwambia mama. "Anaongea vitu visivyoeleweka."

Nilimwendea Mama Mukubwa. Akafungua pindo: kikaratasi kimekunjwa mara nyingi, kinanuka chikanda, na jasho limeifanya wino ya zile namba kuwa ziwa. Tarakimu za mwisho hazikusomeka. Nikarudi komini. Mama wa gishe akafungua faili, akasoma, akanitazama, akasoma tena. Repoti ilikuwa mbaya: mtu hajulikani kwenye anwani hii, kwa maelezo ya mkazi wa nyumba.

"Mkazi wa nyumba ni nani?" akaniuliza.

"Ni mama yangu mkubwa."

"Na hakujui?"

Mueleze wewe. Mimi nilijaribu, nikaanza na Katuba, na geti, na mwembe, watu wa foleni nyuma yangu wakaanza kukohoa. Kilichonisaidia si hadithi, ni makaratasi: mkataba wenye sahihi ya mwenye nyumba, na barua ya shule iliyofika kwenye anwani ile ile. Akaomba ukaguzi ufanywe upya, akanishauri nipite mwenyewe kwenye komisaria ya kartie kuacha saa zangu za masomo, ili ajenti ajue wakati gani kutonikuta si dhambi. Hilo linaruhusiwa, na kama ningelijua mapema ningelifanya tangu mwanzo. Saa za darasa unaruhusiwa kuzitoa, yeye bado anachagua siku.

Alirudi Jumamosi tukiwa mezani. Safari hii nilimkimbilia mlangoni bila viatu. Akaomba kuona chumba: kitanda, kabati lenye nguo za mwanaume, madaftari, aneksi 15 yangu juu ya meza. Akaingia bafuni, akatazama kikombe cha miswaki.

Na Mama Mukubwa nyuma yake. Maana alikuwa ameelezwa, ameelewa, na sasa amegeuka shahidi wa kujitolea. Alimwambia ajenti kwamba alikuwepo nilipozaliwa. Akataja uzito. Akaleta simu kumwonyesha picha yangu ya komunyo ya kwanza.

"Mama," ajenti akasema, "mara ya kwanza uliniambia humjui."

Mama Mukubwa hakupepesa jicho. "Mara ya kwanza nilikuwa sikujui wewe."

Ajenti aliandika kitu kwenye kijitabu chake, nadhani si sentensi hiyo. Alikataa bukari, akakubali kipande cha chikanda, akakitafuna muda mrefu akitazama dirisha, akaondoka. Repoti ilikuwa nzuri.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama gari la mteremko. Komini iliniita: picha, alama za vidole viwili, sahihi, malipo. Karte yenyewe haitengenezwi pale, kwa hiyo unangoja wiki kadhaa, na kinachokuja nyumbani kwa posta si karte. Ni barua yenye kode mbili za siri, PIN na PUK. Ukiipata ndipo unakwenda nayo gishe, wanaiamsha karte mbele yako na wewe unabonyeza PIN yako mwenyewe, hata mama wa gishe anageuza uso.

Barua ile ilipokelewa na Mama Mukubwa. Na kwa kuwa safari hii alitaka kufanya kila kitu wazi, kusiwe tena na la kuficha, aliifungua, akaipiga picha, akaiweka kwenye WhatsApp ya familia: KARTE YA MWANA IMEFIKA. Chini yake mashangazi wakatuma mikono ya kuomba. Kode yangu ya siri ilijulikana Katuba, Kenya, Kamalondo, na kwa binamu mmoja Kolwezi, kabla yangu.

Nikaenda gishe nikaomba kubadilisha PIN pale pale. Inawezekana, unabonyeza ya zamani, kisha mpya mara mbili. Mama wa gishe akanipa karte. Nikaigeuza mbele, nyuma: picha, jina, posinomu, mwisho wake 31 Oktoba. Nikamwuliza anwani imeandikwa wapi.

"Haiandikwi," akasema. "Iko ndani ya chipu. Haionekani kwa macho."

Nilikuwa bado nimesimama pale nikiitazama, simu ikalia. Ni baba mdogo, nyuma yake kelele za barabara.

"Mwana, niko kwa kabina ya kutoa pesa hapa. Ile namba ya pesa uliyotuma kwenye WhatsApp, huyu kijana anasema ni ya tarakimu nne tu, zinatakiwa kumi. Mwambie huyo mama wa gishe akupe zilizobaki."