Wastani Unasema Siku 5, Mteja Amesubiri 19

Kwa karibu miaka miwili kazi yangu ilikuwa kuandaa ripoti ya mwezi ya kufikisha mizigo. Juu kabisa kulikuwa na namba moja kubwa: wastani wa siku tangu oda inapoingia hadi mzigo unapomfikia mteja. Ahadi yetu ilikuwa siku 5. Wastani ulikuwa chini ya hapo karibu kila mwezi, rangi ya kijani inawaka, kikao kinahamia ajenda nyingine.

Dada aliyekuwa akipokea simu za wateja alikaa meza mbili kutoka kwangu. Yeye kutwa nzima alijibu swali lile lile: mzigo wangu uko wapi? Siku moja alikuja akasimama mezani kwangu, akaangalia ile namba, akaniuliza, "Kaka, hizi siku nne na ushee ni za akina nani? Maana mimi hao sijawahi kuongea nao."

Sikuwa na jibu. Jioni ile nilichukua oda 20 zilizofuatana, nikazipanga kuanzia iliyofika mapema hadi iliyochelewa kuliko zote. Siku zilikuwa hivi:

2, 2, 2, 2, 3, 3, 3, 3, 3, 3, 3, 3, 4, 4, 4, 4, 5, 9, 14, 19

Jumla ni siku 95. Gawanya kwa 20, unapata 4.75. Ripoti haikudanganya kwenye hesabu. Lakini tazama ule mstari tena. Oda 16 zilifika kabla ya huo wastani. Iliyofika siku ya 5 iliuvuka kidogo, tena ilikuwa ndani ya ahadi. Kisha tatu zikaenda mbali kabisa. Oda 3 kati ya 20 ni asilimia 15 ya wateja walioahidiwa siku 5 wakapewa 9, 14 na 19. Hao ndio waliokuwa wakipiga simu, na kwenye ripoti yangu hawakuwa na mahali pa kuonekana.

Siku za kufikisha mzigo zina sakafu lakini hazina dari. Hata mambo yakienda vizuri namna gani, mzigo lazima utafutwe kwenye rafu, ufungwe, usafirishwe; huwezi kushuka chini ya siku moja au mbili. Kwenda juu hakuna kinachokuzuia. Ndiyo maana oda zinajazana upande wa mwanzo, halafu mkia mrefu unajivuta kulia. Wastani unachanganya kundi na mkia kwenye sufuria moja, kisha unatoa namba ambayo haiwaelezi wa mwanzo wala wa mwisho. Mbaya zaidi, unafanya oda za mapema zilipe deni la zilizochelewa. Aliyepokea mzigo siku ya 2 hampunguzii hata saa moja yule anayesubiri hadi ya 19.

Pasentaili inauliza swali tofauti: ni siku ngapi zimepita hadi oda 90 katika kila 100 zimeshafika? Namba hiyo ndiyo P90. Kuipata kwa mkono ni rahisi. Panga oda kwa mpangilio, chukua asilimia 90 ya idadi yake, hesabu hadi hapo. Asilimia 90 ya 20 ni 18, na oda ya 18 ilichukua siku 9. P95 ni oda ya 19, siku 14. P50, yaani ya katikati, ni siku 3. Sasa mambo yanaonekana: nusu ya wateja wanapata mzigo ndani ya siku 3, na mmoja katika kila kumi anasubiri zaidi ya siku 9. Ukitaka kuahidi siku 5 kwa dhati, huo ndio umbali uliobaki.

Data ikiwa kwenye jedwali la Postgres, inatosha kuandika:

```sql
SELECT percentile_disc(0.9)
       WITHIN GROUP (ORDER BY siku)
FROM oda;
```

Ukitumia `percentile_cont`, au `PERCENTILE.INC` ya Excel, kwa oda hizi utapata 9.5 badala ya 9, kwa sababu hizo zinakadiria katikati ya oda mbili zinazopakana. Zote ni sahihi. Chagua moja, usibadilishe katikati ya mwaka.

Mwezi uliofuata ulinifundisha kitu kilichoniuma zaidi. Stoo walipanga upya rafu za bidhaa zinazotoka haraka, na oda nyingi za siku 3 zikawa za siku 2. Kazi nzuri, niliwapongeza. Lakini zile ngumu hazikuguswa. Chukua mstari wetu wa juu: zile nane za siku 3 zifanye 2, kisha ya 9 iwe 10, ya 14 iwe 16, ya 19 iwe 22. Jumla inakuwa 93, wastani 4.65. Umeshuka! Ripoti ya wastani inasema tumeboresha, wakati kila mteja aliyecheleweshwa amecheleweshwa zaidi ya mwezi uliopita. P90 imepanda kutoka 9 hadi 10, P95 kutoka 14 hadi 16. Mimi naona namba inayoweza kushangilia mwezi wa namna hiyo haifai kukaa peke yake juu ya ripoti.

Nilifuatilia ile oda ya siku 19 hatua kwa hatua kwenye kumbukumbu za mfumo. Ilikuwa na bidhaa tatu. Siku ya kwanza mtu wa stoo alizipata mbili. Bidhaa ya tatu mfumo ulisema zipo nne, rafu ilikuwa tupu. Zile mbili zikawekwa kwenye kreti pembeni. Bidhaa ya tatu iliingia stoo siku ya 13, lakini hakuna aliyeiunganisha na kreti lile hadi siku ya 15. Mzigo ukatoka siku ya 16. Siku ya 17 dereva alifika, hakukuta mtu, na mteja hakuwa ameambiwa kwamba ungekuja siku hiyo. Ukamfikia siku ya 19.

Usafiri wenyewe ulikuwa na sehemu ndogo sana ya siku hizo. Siku nyingi zililiwa na hesabu ya stoo isiyolingana na rafu, na mbili zilipotea bure, bidhaa ipo, kreti lipo, hakuna mtu mwenye jukumu la kuvikutanisha. Oda ya siku 14 nayo ilikuwa na bidhaa iliyokosekana. Kumbe hatukuwa na mchakato mmoja wenye wastani wa 4.75. Tulikuwa na miwili: oda zilizokamilika siku ya kwanza, na oda zilizosubiri kitu. Tangu hapo nilizitenga kwenye ripoti, kila kundi na P90 yake, na kikao kikaanza kuuliza maswali yanayohusu stoo badala ya kuwalaumu madereva.

Kuna mtego mmoja ambao hata P90 haikuokoi usipokuwa mwangalifu, na ndio ninaouogopa kuliko yote. Ripoti yangu ilihesabu oda zilizofika. Oda ambayo bado haijafika haina tarehe ya kufika, kwa hiyo haina siku za kuhesabu, kwa hiyo inaachwa nje. Yaani oda iliyochelewa mno kuliko zote ndiyo haionekani kabisa.

Zile oda 20 hazikuwa zote. Katika kipindi hicho hicho ziliingia 23. Tatu zilikuwa bado wazi siku niliyotoa ripoti, na zilikuwa zimeshasubiri siku 11, 17 na 25. Hatujui zitafika lini, lakini tunajua haziwezi kuwa chini ya hapo. Ziingize kwenye mstari kwa umri wake wa leo. Asilimia 90 ya 23 ni 20.7, unapandisha hadi oda ya 21. Ukihesabu, ya 18 ni siku 9, ya 19 ni 11, ya 20 ni 14, na ya 21 ni 17. P90 iliyokuwa siku 9 sasa ni siku 17 kwa uchache. Oda tatu tu zilizoachwa nje zilikuwa zimeficha karibu nusu ya tatizo.

Na hapa ndipo pasentaili inapoushinda wastani kwa mbali. Wastani wa hizo oda 23 hauwezi kupatikana leo, kwa sababu unahitaji kujua siku kamili za kila oda, na tatu bado hazijafika. P50 inapatikana sasa hivi: oda ya 12, siku 3, na haitabadilika hata ile ya siku 25 isipofika kamwe. Kwa P90 unapata angalau kiwango cha chini, nacho kinatosha kukustua.

Kinachofuata kutoka hapo ni kwamba oda zipangwe kwa mwezi zilipoingia, siyo mwezi zilipofika. Tulipokuwa tukipanga kwa kufika, mwezi ambao stoo walijituma wakamaliza oda zote zilizokwama ulionekana mbaya kuliko yote, maana mizigo ya zamani yote ilifunga hesabu mwezi huo. Watu walifanya kazi iliyotakiwa, ripoti ikawaadhibu.

Kuhusu mipaka, niseme mawili kwa kifupi. Ukiwa na oda 20, P95 inasimama juu ya oda moja tu. Lori moja likiharibika namba inaruka. Kwa idadi ndogo hivyo, kusanya miezi mitatu, au weka tu orodha ya oda zilizopita ahadi, zisomwe moja moja. Na usichukue P90 za maghala mawili ukatafuta wastani wake, wala usijumlishe P90 ya stoo na P90 ya usafiri ukadhani umepata P90 ya safari nzima. Oda iliyokwama stoo mara nyingi siyo ile iliyokwama njiani. Rudi kwenye oda zenyewe, uzipange upya zote kwa pamoja.

Ripoti niliyoiacha nilipohama kitengo ilikuwa na mistari mitatu juu: P50, P90, na idadi ya oda zilizo wazi zaidi ya siku 5 pamoja na umri wa ile kongwe kuliko zote. Wastani niliuondoa. Yule dada aliomba orodha ya oda zilizo wazi awe anaipata kila asubuhi badala ya mwisho wa mwezi, akaanza yeye kuwapigia wateja kabla hawajampigia.