Kovariansi ya sifuri na volti za Katuba

"Nimepima volti nyumbani Katuba, na kila mara nikaandika kama stabilaiza ilikuwa inasahihisha umeme au imetulia. Kovariansi imetoka sifuri. Je, niandike kwamba volti na stabilaiza havihusiani?" (Swali la mwanafunzi wa takwimu, Lubumbashi)

Usiandike hivyo. Lakini pia usiitupe hiyo sifuri, maana ina ukweli wake.

Tuchukue hesabu ndogo. Volti ya kawaida ni 220. Tuseme umeme unaoingia una hali tatu tu, zenye nafasi sawa: 200, 220 au 240. Tofauti na kawaida tuiite X, nayo ni -20, 0 au 20. Stabilaiza tuiite Y: ni 1 inaposahihisha, 0 inapotulia. Volti ikishuka inasahihisha, ikipanda inasahihisha, ikiwa 220 inatulia. Kwa hiyo Y inaamuliwa na X moja kwa moja.

Wastani wa X ni 0, wa Y ni 2/3. Wastani wa kuzidisha X kwa Y ni (-20 + 0 + 20)/3, yaani 0. Kovariansi ni huo wastani wa mazao ukitoa zao la wastani mbili: 0 - 0 × 2/3 = 0. Upande wa chini umefuta upande wa juu, ndiyo maana hakikubaki kitu.

Wanaotetea kipimo hiki wana hoja nzito. Kovariansi inauliza jambo moja: je, X inapopanda, Y kwa jumla huelekea kupanda au kushuka kwa mstari ulionyooka? Hapa jibu la kweli ni kwamba haielekei popote. Na kuna kazi ambazo jibu hilo linatosha kabisa. Ukijumlisha vigeu viwili na kutaka variansi ya jumla, yaani kipimo cha mtawanyiko wake, kovariansi ikiwa sifuri unajumlisha variansi zao tu. Huna haja ya kujua kama vinategemeana kwa njia nyingine. Tena, vigeu viwili vikifuata kwa pamoja mgawanyo wa kawaida, ule wa umbo la kengele, sifuri inathibitisha kwamba havitegemeani. Hoja iko kwenye neno "kwa pamoja". Chukua kigeu chenye mgawanyo huo kikiwa na wastani sifuri, urushe sarafu, upande mmoja ukitokea ukigeuze alama. Kigeu kipya nacho kina umbo lilelile, kovariansi yao ni sifuri, na bado ukubwa wao ni uleule kila mara.

Upande wa pili ndio unaonigusa zaidi, kwa sababu ndipo kazi za wanafunzi zinapoharibika. Ukiambiwa stabilaiza imetulia, unajua kwa hakika volti ni 220. Ukiambiwa inasahihisha, hujui kama volti iko juu au chini, na wastani wa X unabaki 0. Lakini umejua kwamba si 220, na variansi ya X imetoka takriban 267 hadi 400. Habari ipo, ila haiko kwenye wastani. Iko kwenye mtawanyiko, na kovariansi haiangalii huko.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau: sifuri hii imetokana na ulinganifu wa vipimo. Tuseme umepima jioni zaidi, wakati majiko yote yamewashwa, na volti ya 200 imepata nafasi ya 1/2, zile nyingine 1/4 kila moja. Wastani wa X unakuwa -5, wastani wa mazao -5, wa Y 3/4. Kovariansi sasa ni -5 + 3.75 = -1.25, na kizigeu cha uwiano, yaani kovariansi iliyopimwa kwa kipimo cha -1 hadi 1, kinakaribia -0.17. Stabilaiza ni ileile, haikubadilisha tabia. Kilichobadilika ni saa za kupima. Anayesoma -0.17 kama "uhusiano dhaifu" amekosea sawa na aliyesoma sifuri kama "hakuna uhusiano".

Dawa yake ni nyepesi. Kabla ya kizigeu chochote, panga wastani wa Y kwa kila kiwango cha volti: 1, 0, 1. Umbo linaonekana papo hapo. Kisha pima uwiano wa Y na ukubwa wa X bila alama yake. Hapa unatoka 1 kamili. Ukiwa na data ambayo umbo lake hulijui, upo uwiano wa umbali, uliopendekezwa na Székely, Rizzo na Bakirov mwaka 2007: kwa vigeu vyenye wastani unaohesabika, thamani yake halisi ni sifuri pale tu ambapo havitegemeani. Udhaifu wake ni kwamba haukuambii kama kitu kinapanda au kushuka, na katika sampuli ndogo huweza kutoka juu ya sifuri hata pasipo na lolote, hivyo unahitaji jaribio la kuchanganya thamani za kigeu kimoja bila mpangilio, huku kingine kikibaki kilivyo, na kulinganisha.

Kwenye kazi yako andika hivi: "Hakuna uwiano wa mstari kati ya volti na stabilaiza, stabilaiza inategemea umbali wa volti kutoka 220." Na uweke jedwali la wastani tatu chini yake.