Tembo wa Angola hawakukanyagana

Kila vita baridi inapotajwa, kuna mtu atasema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Nimeichoka methali hiyo. Angola tembo, yaani Marekani na Urusi ya Kisovieti, hawakupigana hata siku moja, na nyasi zenyewe ziliwaita.

Tuanzie Mombasa. Mwanzoni mwa Januari 1975 Mzee Kenyatta aliwakutanisha pale viongozi watatu waliokuwa wamempiga Mreno kila mmoja kivyake: Agostinho Neto wa MPLA, Holden Roberto wa FNLA na Jonas Savimbi wa UNITA. Wakapatana. Siku chache baadaye wakatia saini na Ureno huko Alvor kwamba watatawala pamoja hadi uhuru, tarehe 11 Novemba. Haikufika mbali. Kila mmoja alijua kwamba atakayekuwa ameshika Luanda siku hiyo ndiye serikali, na kila mmoja akaanza kubisha hodi kwa wakubwa. Neto alikuwa na watu wake Moscow na Havana. Roberto alikuwa na Mobutu, na kupitia Kinshasa akapata fedha za CIA. Kabla ya hapo walimu wa Kichina walikuwa wakiwafunza askari wake, kwa hiyo Beijing ya kikomunisti na Washington zilijikuta upande mmoja. Anayekuambia vita hivi vilikuwa vya itikadi tupu, muulize hilo.

Kwa nini Marekani na Urusi ya Kisovieti hazikupeleka majeshi yao zimalizane? Jibu la kwanza linajulikana, bomu la nyuklia. Mmarekani akimuua Mrusi vitani, hakuna ajuaye ngazi ya mwisho iko wapi. Lakini jibu hilo halitoshi, kwa sababu wangeweza pia kukaa kimya. Hawakukaa, kwa kuwa kumpa silaha mwingine kulikuwa rahisi mno. Saigon ilianguka Aprili 1975, na hakuna mwanasiasa wa Washington aliyethubutu kuomba vijana wa kwenda kufa tena mbali. Dola milioni 30 na ushei za siri ziliombeka. Na siri ilikuwa na kazi yake: ukishindwa, unakana, heshima inabaki. Ndiyo maana CIA ilipeleka zaidi silaha kuukuu, zisizomtaja mwenyewe.

Matokeo yalionekana Quifangondo, mwendo mfupi kaskazini ya Luanda, tarehe 10 Novemba. Roberto alitaka kuingia mjini kabla ya saa sita usiku. Alikuwa na askari wake, wanajeshi wa Mobutu, mamluki wachache wa Kireno, na nyuma yao wapiga mizinga wa Makaburu wa Afrika Kusini. Mobutu alitoa mizinga miwili mikubwa ya Korea Kaskazini. Mmoja ulilipuka ulipofyatuliwa. Ng'ambo ya bonde la mto Bengo kulikuwa na Wakuba na malori ya BM-21, kila lori na mirija 40 ya roketi. Safu ya Roberto ilisambaratika barabarani. Usiku huo Neto akatangaza uhuru.

Wengi hudhani Wakuba hao walitumwa na Moscow. Castro aliamua mwenyewe, na mwanzoni aliwasafirisha kwa ndege zake kuukuu. Ndege za Kisovieti zilikuja kusaidia baadaye. Kibaraka wakati mwingine humvuta bwana wake. Savimbi naye hakuwa mtoto: aliwahi kusaidiwa na Wachina, akahamia kwa Makaburu, kisha miaka ya 80 akapokelewa na Reagan mwenyewe na kupewa makombora ya Stinger ya kutungulia ndege.

Kinachonichekesha, kama kuna cha kuchekesha, ni Kabinda, mkoa wa Angola. Kampuni ya Kimarekani, Gulf Oil, ilichimba mafuta pale na kuilipa serikali ya MPLA kwa dola. Waliolinda eneo hilo walikuwa Wakuba. Mwaka 1985 makomando wa Makaburu, washirika wa Savimbi, mtu wa Marekani, walivamiwa wakienda kulipua mitambo hiyo ya Wamarekani; wawili wakauawa, mmoja akakamatwa.

Desemba 1988 Angola, Kuba na Afrika Kusini wakatia saini New York: Wakuba waondoke, Namibia iwe huru. Moscow ilikuwa imechoka kulipa. Mwaka 1991 Umoja wa Kisovieti wenyewe ukafa, na kwa hesabu ya wale wanaosema yote yalikuwa kazi ya wakubwa, vita vilipaswa kufa nao. Savimbi aliachwa nyuma katika duru ya kwanza ya uchaguzi wa 1992, akakataa matokeo, akarudi porini. Sasa hakuhitaji Washington, alikuwa na almasi; serikali ilikuwa na mafuta. Wakapigana miaka kumi zaidi, hadi alipouawa Moxico Februari 2002. Mabomu ya ardhini waliyofukia pande zote bado yanafukuliwa.